Sufu, akriliki au flisi: blanketi la usiku wa nyanda za juu

Dukani watu wengi hulipima blanketi kwa mkono. Likiwa zito husema lina joto, likiwa laini husema ni zuri. Kwa usiku wa nyanda za juu vipimo hivyo viwili havitoshi, kwa sababu uzito unaweza kuwa wa nyuzi zilizobanana zisizobeba hewa, na ulaini wa dukani unaweza kwisha baada ya kufuliwa mara chache. Kwa blanketi la sufu ya kondoo, la akriliki au la flisi, hizi mbili za mwisho zikiwa za nyuzi za plastiki, mimi huanza na maswali mengine mawili: blanketi hili litakuwaje saa 11 alfajiri, na litakaukaje wiki ya ukungu?

Saa 11 alfajiri si saa ya kubuni. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Ikiwa usawa wa bahari kuna nyuzi 27, kwenye mita 2,400 tarajia 11 hivi, na hapo hatujahesabu usiku wenyewe. Anga likiwa wazi, ardhi na mapaa hupoteza joto usiku kucha bila kupata jingine, ndiyo maana baridi kali zaidi haiji usiku wa manane bali karibu na jua kuchomoza. Hewa ikipoa, unyevu wake huzidi kukaribia kuwa maji, na ndipo umande huonekana hata upande wa ndani wa bati. Mwili nao una mwendo wake: joto la ndani hushuka kidogo saa hizo za mwisho za usingizi. Na blanketi limeshapokea mvuke wa mwili tangu ulipolala. Blanketi lililokupendeza saa 3 usiku likakuamsha alfajiri limeshindwa hapo, pale baridi na unyevu vinapokutana.

Joto linakaa wapi

Blanketi halitengenezi joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya blanketi ni kulichelewesha lisitoke. Kinacholichelewesha hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, kwa kuwa hewa isiyotembea hupitisha joto kidogo kuliko uzi wa aina yoyote kati ya hizi tatu. Kwa hiyo ukichukua sufu, akriliki na flisi zenye unene sawa, zikiwa kavu, katika chumba kisicho na upepo, tofauti ya joto kati yake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Tofauti huanza pale mambo matatu yanapoingia: mgandamizo, upepo na unyevu.

Mgandamizo unaupima dukani kwa dakika moja. Likunje blanketi mara nne, lilaze mezani, angalia unene wake, kisha weka juu yake kitu chenye uzito kama kitabu kikubwa. Kitoe baada ya muda, uone limerudi kiasi gani. Sufu nzuri huinuka karibu yote, kwa sababu kila unywele wa sufu una mawimbi ya asili yanayofanya kazi kama springi. Akriliki mpya huinuka vizuri pia, lakini ikishafuliwa mara nyingi, hasa kwa maji ya moto, huanza kulala. Flisi hutegemea msongamano wake: ile nene iliyokwanguliwa pande zote mbili huinuka, na ile nyembamba ya kutupia begani hubaki imelala.

Kipimo hiki kina maana zaidi kwa kile unacholalia kuliko unachojifunika. Blanketi la juu halibanwi na kitu. La chini linabanwa na mwili mzima, na watu huongeza la pili na la tatu juu ilhali baridi inatoka kwenye godoro. Mgongo ukiwa wa baridi na kifua kina joto, ongeza chini. Na kwa kazi hiyo ya chini sufu haina mpinzani kati ya hizi tatu, kwa kuwa hata ikilaliwa hubaki na unene fulani. Blanketi la sufu lililochakaa, ambalo huoni haya kulitandika chini ya shuka, linafaa hapa kuliko flisi mpya.

Upepo nao una mjadala wake. Flisi ni kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi kama sweta kisha kikakwanguliwa uso uwe na manyoya. Kati ya vitanzi hivyo hewa hupita kwa urahisi. Lipeleke mdomoni ulipulize, utaisikia pumzi yako upande wa pili. Sufu iliyofumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na nyuzi zinazozikatiza, kisha ikapigwa kwa maji na mkwanguo mpaka nyuzi zikashikana, huzuia pumzi hiyo vizuri zaidi. Blanketi zito la akriliki lenye manyoya pande mbili nalo huzuia, kwa unene wake tu. Katika chumba chenye nafasi chini ya mlango, au nyumba ya mbao ambayo upepo wa usiku huingia kwenye viungo, flisi peke yake juu ya kitanda itakuangusha hata iwe nene. Ukiiweka chini ya kitu kinachozuia upepo, flisi hiyohiyo hubadilika tabia.

Unyevu ndio unaoamua

Hapa ndipo sufu inapojitenga na wenzake. Hata usipotokwa na jasho, ngozi hutoa mvuke usiku kucha. Mvuke huo lazima uende mahali. Sufu iliyo katika hewa ya kawaida tayari imebeba maji kama asilimia 16 ya uzito wake ndani ya nyuzi, na bado mkono hauhisi kuwa ni mbichi. Hewa ikizidi kuwa na unyevu inaweza kufika asilimia 30 hivi. Chukua blanketi la sufu la kilo 2: kati ya hali ya kawaida na hali ya kujaa lina nafasi ya gramu zaidi ya 200 za mvuke. Tena, sufu inaponyonya mvuke hutoa joto kidogo, jambo linaloweza kupimwa maabara. Usitarajie kulihisi kama moto, ila linasaidia kupunguza ule mshtuko wa chumba kupoa na kujaa unyevu kwa wakati mmoja.

Akriliki hubeba chini ya asilimia 2 hivi, na poliesta, ambayo ndiyo flisi, haifiki hata nusu ya asilimia 1. Mvuke ukikutana na nyuzi hizo haunyonywi. Ukikuta njia hupita, ukikosa njia hugeuka maji juu ya nyuzi. Flisi huupa njia, kwa sababu ile ile iliyofanya upepo upite. Akriliki nzito yenye manyoya hailegezi njia hiyo vya kutosha, ndiyo maana walalao chini yake huona joto zuri saa za mwanzo, kisha huamka kifua kina ubichi, wakajifunua kidogo, na baridi ikaingia. Wengine husema blanketi lina joto kupita kiasi, lakini mara nyingi kilichowaamsha ni mvuke uliokosa pa kwenda.

Sufu haikosi lawama. Huwasha ngozi ya wengi, na kuwasha huko hakutokani na uchafu bali na unene wa nyuzi: nyuzi nene huchoma ngozi kwa ncha zake, nyembamba hupinda. Blanketi la kijivu la sufu iliyorudishwa kiwandani, yaani iliyochambuliwa kutoka nguo kuukuu na kusokotwa upya, huwa na nyuzi fupi na ngumu, na mara nyingi limechanganywa na nyuzi nyingine. Hilo likae nje ya shuka kabisa. Watu wanaoichukia sufu wengi wao walilala chini ya blanketi la namna hiyo bila shuka.

Uzito: usilinganishe kilo kwa kilo

Ukitaka kulinganisha mablanketi ya ukubwa tofauti, gawanya uzito kwa eneo. Blanketi la mita 1.8 kwa 2.2 lina eneo la karibu mita 4 za mraba. Likiwa la flisi la kilo 1, ni gramu 250 kwa kila mita ya mraba, na huo ni uzito mzuri wa flisi ya kitandani. La sufu la kilo 2 ni gramu 500, kiasi cha kutosha kwa baridi nyingi za nyanda za juu. Lile la akriliki lenye manyoya marefu, safu mbili zilizoshonwa pamoja, hufika kilo 4 bila shida, yaani gramu 1,000 kwa kila mita ya mraba. Lebo ikiandika g/m², namba ndiyo hii. Isipoandika, mzani wa jikoni au wa dukani unatosha.

Akriliki yenyewe kama uzi ni nyepesi kuliko sufu, na blanketi la akriliki la kawaida, la safu moja lililofumwa na kukwanguliwa kwa kuiga sufu, huwa jepesi kuliko la sufu lenye unene sawa. Linalowafanya watu waseme akriliki ni nzito ni lile la manyoya marefu. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja kwenye lebo, na ukisoma ushauri wowote kuhusu akriliki jiulize kwanza unazungumzia lipi.

Je, uzito una faida? Unayo moja. Blanketi zito huanguka likafuata mwili, likaziba mianya ya shingoni na mabegani ambako hewa ya joto hutoka kila unapogeuka. Flisi nyepesi huteleza, na juu ya shuka laini hufika sakafuni kabla ya alfajiri, hasa kwa mtoto anayelala kwa kupigana. Iwe kubwa vya kutosha kuchomekwa chini ya godoro miguuni, angalau sentimita 30. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo, au mgonjwa ambaye kugeuka kwake ni kazi, kilo 4 juu ya miguu ni mateso. Kwa huyo flisi mbili zilizopandishana hutoa unene mwingi kwa nusu ya uzito, na hewa iliyobaki kati ya safu mbili ni nyongeza isiyo na uzito wowote.

Siku ya kufua

Nakiri kuwa hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito mkubwa kuliko wengi wanavyofanya. Joto ukilikosa unaongeza safu. Blanketi usiloweza kulifua au kulikausha mahali unapoishi huna njia ya kulirekebisha: litanuka, na utalala nalo hivyo.

Flisi ndiyo rahisi, na sina mengi ya kuieleza. Maji ya vuguvugu ya nyuzi 30 hadi 40, sabuni ya kawaida kwa kiasi kidogo, igeuze ndani nje ikiwa ina upande mmoja wenye manyoya, ifue mbali na taulo na nguo za pamba zinazoacha vumbi la nyuzi. Dawa ya kulainisha nguo usitie, maana hupaka nyuzi utando na kulaza yale manyoya yanayoshika hewa. Maji huishia juu ya nyuzi bila kuingia ndani, kwa hiyo ukiikamua vizuri hukauka upesi kuliko wenzake wote, hata jua lisipoonekana, mradi kuna upepo. Kasoro zake ni vipira vidogo vinavyojitokeza penye msuguano, cheche za umeme wa msuguano hewa ikiwa kavu, na vipande vidogo vya plastiki vinavyokatika na kuingia kwenye maji ya kufulia. Kuifua kwa maji baridi na kwa muda mfupi hupunguza hivyo vya mwisho.

Akriliki inataka uangalifu kwenye joto. Nyuzi zake zikiwa mbichi na za moto hulegea, zikivutwa hapo hubaki zimevutika. Hivyo maji yasizidi nyuzi 40, na baada ya maji ya vuguvugu usilikamue blanketi likiwa bado na joto: lisuuze kwanza kwa maji baridi. Usilianike kwa kulibana ncha moja, kwa sababu uzito wa maji utalivuta liwe refu na jembamba. Pasi usiliguse, na mashine ya kukaushia iwe kwenye joto la chini kabisa. Dalili za akriliki iliyopikwa ni hizi: manyoya yamekuwa magumu na ya kung'aa, hayasimami hata ukiyapiga mswaki, na pindo zinafanya mawimbi. Hairudi tena.

Lile zito la manyoya lina tatizo lake la pekee, nalo ni maji. Hata baada ya kukamuliwa kwa mkono, blanketi nene hubaki na maji yanayokaribia uzito wake au kuuzidi. Kilo 4 kavu zinakuwa kilo 8 mbichi na pengine zaidi. Mtu mmoja hawezi kulikamua vizuri, kamba ya kawaida huinama mpaka chini, na mashine ya kufulia ya kilo 7 inaweza kulipokea kwa uzito lakini ikakosa nafasi ya kulizungusha, sabuni ikabaki katikati. Juu litaonekana kavu kesho yake, huku mshono wa pembeni na katikati ya safu mbili bado ni pabichi. Lipime hapo: lifinye kwa nguvu penye pindo, weka kiganja kwa muda, kikitoka na ubaridi wa unyevu usilikunje. Likikunjwa hivyo, harufu ya ukungu huanza baada ya siku chache, na itakulazimu kulifua lote upya. Kama msimu wenu wa baridi ni msimu wa ukungu pia, blanketi la aina hiyo lifuliwe kabla ya msimu na baada yake, si katikati.

Sufu inaogopwa kuliko inavyostahili. Jambo la kwanza ni kwamba haihitaji kufuliwa mara nyingi. Haishiki harufu ya jasho kama nyuzi za plastiki, na uchafu mwingi hukaa juu ya uso wake. Likung'ute, lianike kivulini penye upepo kwa saa kadhaa, lipige brashi, doa lifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Likiwa na shuka kati yake na mwili, kufuliwa mara moja au mbili kwa mwaka kunatosha.

Siku ikifika, adui ni mchanganyiko wa vitu vitatu: maji, joto na msuguano. Kila unywele wa sufu umefunikwa magamba madogo yanayoelekea upande mmoja. Ukiusugua ukiwa mbichi, hutembea upande mmoja tu, magamba yakashikana na ya jirani, na kila msuguo unaongeza fundo lisilofunguka. Ndipo blanketi husinyaa, likawa nene, gumu na fupi. Watu hulaumu maji ya moto peke yake, lakini hata maji ya vuguvugu yataliharibu ukilisugua kama jinzi. Na kubadili maji ghafla kutoka ya moto kwenda ya baridi huharakisha uharibifu huo.

Kwa blanketi la kilo 2, hesabu ndoo 4 za lita 20: moja au mbili za kufulia na zilizobaki za kusuuza, zote zikiwa na joto moja linalokaribia lile la mkono, nyuzi 30 hivi. Tumia sabuni ya maji ya sufu, au sabuni laini isiyo na vimeng'enya. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kuvunja protini ili kutoa madoa ya damu na chakula, na sufu yenyewe ni protini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ni mbaya zaidi: huimomonyoa sufu kabisa. Yeyusha sabuni kwanza, zamisha blanketi, libonyeze kwa viganja kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kusugua na bila kulipinda. Dakika 10 zinatosha. Maji yakitoka meusi usiongeze nguvu, badilisha maji.

Kulitoa kwenye beseni ndipo wengi hukosea. Sufu mbichi ni dhaifu kuliko ikiwa kavu, na ukilinyanyua kwa kona moja linajivuta kwa uzito wake. Libebe lote kwa mikono miwili kama mtoto, liweke juu ya kichanja au kapu lichuruzike, kisha lizungushie taulo kubwa na ukandamize. Mashine ya kukamulia inafaa kwa mzunguko mfupi, kwa sababu kuzunguka peke yake, bila kusugua, hakulisinyazi. Lianike juu ya kamba mbili zilizo sambamba ili uzito ugawanyike, kivulini penye upepo, mbali na moto. Likikauka lipige brashi upande wa manyoya yake.

Hapo tofauti ya kweli inaonekana. Flisi ukiifua asubuhi, jioni mara nyingi inarudi kitandani. Sufu inataka siku moja na nusu au mbili za hewa nzuri. Akriliki ya safu moja iko katikati, na ile ya manyoya yenye safu mbili inaweza kuipita sufu kwa kuchelewa, jambo ambalo watu hawalitegemei kwa kitu cha plastiki.

Nyumba moja, vitanda vitatu

Tuchukue nyumba iliyo kwenye mita 2,400, chumba kinachoshuka hadi nyuzi 9 alfajiri, maji ya kuteka, na miezi miwili ya ukungu. Ina wazazi wawili kitanda kimoja, mtoto wa miaka 5 anayekojoa kitandani mara mojamoja, na bibi mwenye magoti yanayouma.

Kwa mtoto sibishani na mtu: flisi. Mbili za gramu 250, tatu zikipatikana, ili moja iwe kambani na mbili kitandani. Blanketi linalofuliwa kila wiki haliwezi kuwa sufu, na akriliki nzito ikikojolewa usiku wa ukungu itakaa siku tatu bila kukauka. Tahadhari moja ni moto. Flisi na akriliki huyeyuka na kushikamana na ngozi zikishika moto, na akriliki huwaka kwa kasi. Penye mshumaa, kibatari au jiko karibu na kitanda, kwanza ondoa moto huo chumbani.

Kwa wazazi ningechagua sufu ya kilo 2 juu na flisi ya kilo 1 chini yake, si kinyume chake. Flisi iliyo karibu na mwili haiwashi, hupitisha mvuke bila kuushika, na ni rahisi kufuliwa mara kwa mara. Sufu iliyo juu huzuia upepo usiiondolee flisi hewa yake, hupokea ule mvuke uliopita, na kwa kuwa haigusani na ngozi inabaki safi muda mrefu. Jumla ni kilo 3, pungufu ya kilo 1 kuliko akriliki moja ya manyoya, na unaweza kuondoa safu moja msimu ukibadilika. Ukigeuza mpangilio, sufu chini na flisi juu, bado utapata joto, ila kinachochafuka upesi kitakuwa kile kigumu kufua.

Bibi ndiye mgumu. Sufu ya kilo 2 inaweza kumlemea, na flisi peke yake itaruhusu upepo. Kwake ningetandika blanketi kuukuu la sufu chini ya shuka, kwa kuwa hapo uzito haumgusi, kisha juu niweke flisi moja na blanketi la akriliki la safu moja, lile jepesi la kufumwa, la kilo 1.3 hivi. Hii ndiyo nafasi ambayo akriliki inashinda kwa haki: ina unene wa sufu kwa uzito mdogo, haiwashi ngozi nyembamba ya mzee, na nondo hawana habari nayo.

Nondo wanaihusu sufu tu kati ya hizi tatu. Wanaokula si wale wanaoruka bali viwavi wao, na hupenda zaidi palipo na jasho, mafuta ya ngozi au chakula. Kwa hiyo sufu ihifadhiwe ikiwa imefuliwa na imekauka kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na itolewe ikung'utwe kila baada ya miezi michache. Matundu madogo yasiyo na mpangilio pamoja na vumbi kama mchanga kwenye mikunjo ni dalili kuwa wameshaingia.

Kama lebo haipo au huiamini

Lebo nyingi husema sufu kwa herufi kubwa mbele na asilimia kwa herufi ndogo nyuma. Soma nyuma. Mchanganyiko wa sufu na akriliki si ulaghai, maana huwa mwepesi na hausinyai sana, lakini ufue kama sufu, usiufue kama akriliki. Pasipo lebo, chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sinia la maji, uziguse na moto wa kiberiti. Sufu huwaka kwa kusitasita, huzimika ukiondoa moto, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cha mviringo. Akriliki huwaka haraka kwa moshi mweusi, haizimiki upesi, na huacha donge jeusi lisilo na umbo. Ukipata harufu ya nywele pamoja na donge gumu, hiyo ni mchanganyiko, na chomoa nyuzi za upande wa pili pia, kwa sababu mtande na mshindio wa blanketi moja mara nyingi si wa uzi mmoja.